Siku tatu bila vidonge: Mfanyabiashara aliyepandikizwa figo awaeleza wenzake alivyokaribia kuipoteza

MWANZA. Kwa miezi kadhaa kabla figo yake mpya haijaanza kushambuliwa na mwili wake, mfanyabiashara mmoja wa mchele wa jijini hapa alikuwa akitoka kliniki na majibu mazuri. Daktari alisoma karatasi ya maabara, akaridhika, akampangia tarehe nyingine. Kumbe majibu hayo yalikuwa yakieleza siku tatu tu za maisha yake, zile siku tatu za kabla ya kliniki.

"Kliniki ikikaribia nilikuwa mtoto mtiifu kuliko wote. Ikipita, biashara inanirudisha nilikokuwa," aliwaambia wagonjwa wenzake wapatao thelathini waliokutana Jumamosi iliyopita katika ukumbi mmoja wa kanisa. "Ile damu waliyokuwa wananichukua haikuwa inajua habari za wiki iliyotangulia. Mimi nilikuwa nazijua, nikanyamaza."

Mama huyo mwenye umri wa miaka 44, ambaye aliomba jina lake lisiandikwe gazetini, alipandikizwa figo mwaka 2019 jijini Dar es Salaam. Aliyemchangia ni mdogo wake wa kiume. Alialikwa na kikundi cha wagonjwa wa figo kueleza maisha baada ya upasuaji, na wengi walidhani atazungumzia chakula, kovu na kurudi kazini. Hayo aliyapitia kwa dakika kumi hivi. Saa nzima iliyobaki aliitumia kuzungumzia vidonge.

Waliomsikiliza hawakuwa kundi moja. Walikuwapo ambao bado wanasafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki, wakitafuta ndugu wa kuwachangia. Walikuwapo waliokwisha kupandikizwa, mmoja miezi minane tu iliyopita, na ndugu zao waliowasindikiza. Nyuma kabisa alikaa muuguzi wa kliniki ya figo, ambaye kila mama huyo aliposita juu ya jambo la kitabibu aliitwa kwa jina la "sista" na kuombwa asahihishe.

Kwa kundi kama hili mazungumzo ya vidonge si jambo dogo, kwa sababu idadi ya watu wanaoishi na figo za ndugu zao inaongezeka katika ukanda huu. Kenya ina uzoefu wa miaka mingi zaidi. Tanzania ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Muhimbili mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Rwanda ilianza katika Hospitali ya King Faisal mwaka 2023, na mwishoni mwa mwaka huo huo Uganda ikaanza Mulago. Kabla ya hapo safari ya wengi ilikuwa India. Upasuaji umesogea karibu, lakini kazi ya kuitunza figo hiyo haifanywi hospitali. Inafanyika nyumbani, sokoni na ndani ya basi.

Saa mbili na saa mbili

Alianza kwa kutoa kwenye mkoba kopo dogo la plastiki lenye vyumba kumi na vinne, viwili kwa kila siku ya juma. Akaeleza anachomeza. Asubuhi saa mbili ni kapsuli za takrolimasi, mikofenoleti, na kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5. Usiku saa mbili ni takrolimasi na mikofenoleti tena. Vidonge vya shinikizo la damu ni habari nyingine, alisema, na hakutaka kuvichanganya na hivi.

Kazi ya dawa hizo tatu ni moja. Askari wa mwili wanaifahamu figo ile kuwa ni mgeni, hata kama imetoka kwa ndugu wa tumbo moja, na dawa zinawatuliza wasiishambulie. Aliyepandikizwa jana na aliyepandikizwa miaka kumi iliyopita wote wanazihitaji. Dozi hupunguzwa kadiri muda unavyokwenda, lakini haifiki sifuri.

Mzee mmoja kutoka Sengerema alinyoosha mkono mapema. Alitaka kujua kama baada ya miaka mwili hauwezi kuizoea figo, kama mtoto wa kambo anavyozoeleka nyumbani. Ukumbi ulicheka. Muuguzi ndiye aliyejibu.

"Hapana mzee wangu. Mwili unaikubali figo kwa sababu askari wamelazwa usingizi. Wakiamka wanaikumbuka vizuri sana, na wengine wanatengeneza kingamwili za kuikata kidogo kidogo kwa miaka. Hizo zikishaingia kwenye damu, kuziondoa ni kazi kubwa."

Kati ya dawa tatu hizo, mama huyo alikaa zaidi kwenye takrolimasi, kwa kuwa ndiyo yenye njia nyembamba kuliko zote. Ikipungua kwenye damu, figo inashambuliwa. Ikizidi, dawa yenyewe inaiumiza figo ile ile inayoilinda, na mtu huanza kutetemeka vidole, kuumwa kichwa, sukari yake kupanda. Kwa sababu hiyo haitoshi kujua mtu amemeza miligramu ngapi. Lazima damu ipimwe ionekane ni kiasi gani kimebaki.

Hapo aliwaeleza wageni jinsi kipimo kinavyofanyika, kwa kuwa wengi hukosea hapo hapo. Kinachotafutwa ni kiwango cha chini kabisa, yaani dawa iliyobaki saa kumi na mbili baada ya dozi ya usiku, kabla tu ya ile ya asubuhi. Mgonjwa aliyemeza saa mbili usiku anafika maabara kabla ya saa mbili asubuhi akiwa hajameza. Dozi yake anaishika mkononi. Anatolewa damu kwanza, ndipo anameza. Katika kliniki yake, mtu aliyepita mwaka wa kwanza hutakiwa kuwa kati ya nanogramu 5 na 8 kwa kila mililita ya damu, ingawa daktari anaweza kumpangia mgonjwa fulani kiwango tofauti.

"Mwaka wa kwanza niliwahi kumeza nyumbani kwa mazoea, nikaenda kutolewa damu saa nne," alisimulia. "Jibu likaja juu sana. Kama sista asingeniuliza 'umemeza saa ngapi?', daktari angenipunguzia dozi, na mimi ningerudi nyumbani na dawa pungufu, wote tukidhani tumefanya jambo jema."

Safari ya Kigali

Mchele wa Kanda ya Ziwa na wa Kahama huuzwa sana Rwanda, na mama huyo amekuwa kwenye biashara hiyo tangu kabla hajaugua. Lori linapakiwa, linapita Lusahunga hadi mpaka wa Rusumo, na mwenye mzigo au mtu wake hulifuata Kigali kukusanya fedha. Alipopona upasuaji alirudi kwenye kazi hiyo polepole, na kufikia mwaka wa pili alikuwa akisafiri kama zamani.

Ndipo dozi za usiku zilipoanza kulegea. Hakuacha kwa makusudi. Saa mbili usiku ilimkuta akihesabu magunia, au kwenye basi, au mezani na wateja ambao hakupenda wamwone akimeza vidonge. Alimeza saa nne, saa tano, siku nyingine akalala nazo mkobani. Asubuhi aliamka mzima. Mkojo ulitoka kama kawaida, miguu haikuvimba, nguvu alikuwa nazo.

"Hilo ndilo lililonidanganya," alisema. "Ukikosa chakula tumbo linakudai. Ukikosa dawa hii hakuna anayekudai kitu."

Kisha siku tatu kabla ya kliniki alishika saa bila kosa. Muuguzi alieleza kwa nini hilo lilitosha kupoteza ushahidi. Kwa wagonjwa wengi, kiasi cha takrolimasi kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya nusu siku hivi, kwa hiyo anayeacha huisha haraka, na anayerudi hujaza haraka vilevile. Baada ya siku mbili au tatu za utii kiwango kinakaa pale pale kilipotakiwa. Karatasi inasema 6.8, na kila mtu anafurahi.

Mara moja hesabu haikukaa sawa. Kliniki ilisogezwa mbele ghafla, akaitwa Jumatatu badala ya Alhamisi, na jibu likaja 3.1. Alipoulizwa, alisema alikuwa anaharisha. Ukumbi ulicheka pale muuguzi alipotikisa kichwa kwa masikitiko, kwa sababu uongo ule haukuwa hata uongo mzuri. Mtu anayeharisha, takrolimasi yake mara nyingi hupanda, haishuki. Utumbo wenyewe ndio huivunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu. Utumbo ukichafuka unashindwa kuivunja, na dawa nyingi zaidi inapita. Wagonjwa wanaoongeza dozi kwa kudhani kuharisha kumeitoa dawa wanajitia sumu. Kinachotakiwa ni kupiga simu na kupimwa.

Daktari, kwa vyovyote alivyolipokea jibu lile, aliagiza damu ipimwe tena baada ya wiki mbili. Wiki mbili zilipotimia mama huyo alikuwa safarini.

Lori lake lilikuwa limezuiliwa Rusumo kwa sababu ya karatasi. Aliondoka Mwanza akiamini atarudi siku ya tatu. Kwenye kopo alitia dozi sita, chupa akaziacha kabatini. Karatasi za mzigo zilimaliza siku mbili mpakani, na Kigali mnunuzi akamzungusha siku nne zaidi. Siku ya nne asubuhi kopo lilikuwa tupu.

Aliingia kwenye duka moja la dawa. Walimuuliza cheti cha daktari, hakuwa nacho. Walimuuliza jina la dawa, akasema ni kapsuli ndogo za kuzuia figo isikataliwe. Hakujua miligramu, hakujua kama ni ile ya kumezwa mara mbili kwa siku au ile inayotolewa mara moja kwa siku, na hizo mbili hazibadilishani hata kama jina lililoandikwa ni moja. Mwenye duka alikataa kumuuzia. Mama huyo anasema sasa anamshukuru, ingawa siku ile alitoka akiwa amekasirika.

Alikaa siku tatu bila dozi hata moja, dozi sita kwa jumla. Hakupiga simu kliniki. Alipofika Mwanza usiku alimeza dozi ya jioni, akalala, na kesho yake akaendelea kama kawaida. Hakwenda kupimwa. Alijisikia vizuri.

Jibu la 231

Ilichukua wiki tatu. Kliniki iliyofuata, kreatinini yake, ambayo kwa zaidi ya mwaka ilikuwa ikicheza kwenye mikromoli 112 kwa lita au jirani na hapo, ilisomeka 231. Takrolimasi siku hiyo ilikuwa 7.2, nzuri kabisa, maana alikuwa ameshika saa tangu aliporudi.

Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huichuja. Ikipanda maradufu namna hiyo kwa mtu ambaye hajabadilika mwili, maana yake kwa makadirio ni kwamba nusu ya uwezo wa kuchuja umeondoka. Na bado mama huyo hakuwa na maumivu. Akikumbuka sasa, anasema shinikizo lake la damu lilikuwa limepanda kwa siku kadhaa na soksi zilikuwa zikiacha alama kwenye vifundo vya miguu. Yote mawili aliyapa sababu ya uchovu wa safari.

Alipelekwa Dar es Salaam. Sindano ndefu ilichukua kipande kidogo cha figo huku daktari akitazama kwenye picha ya mawimbi ya sauti, akaambiwa alale chali bila kugeuka kwa saa kadhaa ili pasivuje damu. Chini ya darubini ilionekana wazi kuwa chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeingia kwenye vijifereji vya figo na kuvishambulia. Alitundikiwa dripu ya methilprednisoloni, miligramu 500 kila siku kwa siku tatu. Uso ulivimba, usingizi ukapotea, sukari ikapanda hadi akachomwa insulini kwa muda.

Kreatinini ilishuka. Ilikuwa 190 alipotoka hospitali, 158 baada ya mwezi mmoja na nusu, na hapo imesimama hadi leo.

"Watu wananipongeza kwamba nilipona," alisema. "Sikupona. Nilikuwa na figo ya 112, sasa nina figo ya 158. Tofauti hiyo niliiacha Kigali, na ilikuwa mali ya mdogo wangu."

Palikuwa kimya kidogo. Hakuendeleza habari za mdogo wake, isipokuwa kueleza kuwa alipoulizwa hospitali alisema ukweli wote kwa mara ya kwanza, pamoja na zile dozi za usiku, na kwamba daktari hakumfokea. Alichukua majibu yote ya takrolimasi ya mwaka uliopita, akayapanga mstari mmoja. Moja moja hayakutisha. Yakiwekwa pamoja yalipanda na kushuka kama barabara ya milimani. Kliniki hiyo sasa huangalia mtawanyiko huo, si jibu la siku tu, na mgonjwa ambaye namba zake zinarukaruka huulizwa maswali hata kama la mwisho ni zuri.

Muuguzi aliongeza jambo ambalo pengine lilistahili kusemwa mapema zaidi, kwamba wagonjwa wengi wanaoruka dozi hawafanyi hivyo kwa ukaidi. Wengine wanaona aibu, wengine wanachoka, na wengine hawana fedha. Kuulizwa "umemeza?" kunazaa jibu la "ndiyo". Yeye siku hizi huuliza "wiki iliyopita zilikupita dozi ngapi?", na anasema hupata namba.

Maswali

Kipindi cha maswali ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote. Dozi ikisahaulika, afanyeje? Mama huyo alieleza anavyofuata yeye kwa maelekezo ya kliniki yake: akikumbuka ndani ya saa chache anameza mara moja, akikumbuka dozi nyingine imekaribia anaiacha iliyopita na kuendelea na inayofuata. Hamezi mbili kwa pamoja kamwe. Akitapika ndani ya nusu saa anarudia, ikipita saa moja harudii, na ikiwa katikati anapiga simu. Kila mmoja aliombwa aulize kliniki yake, kwa kuwa maelekezo hutofautiana, na ayaandike kabla hajayahitaji.

Mama mmoja kutoka Musoma aliuliza juu ya dawa nyingine, maana mtu aliyepandikizwa naye anapata malaria, anapata kikohozi, anaumwa mgongo. Muuguzi alitaja chache za kuogopa. Flukonazoli ya fangasi na klarithromaisini ya kikohozi huipandisha takrolimasi sana. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, huifanya ishuke kwa kasi hadi karibu isionekane, na kwa kuwa kifua kikuu ni ugonjwa wa huku kwetu, anayeugua lazima kliniki ya figo na kliniki ya kifua kikuu ziongee kabla kidonge cha kwanza hakijamezwa. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kila kona kwa maumivu, zinaibana figo yenyewe. Balungi halifai, liwe tunda au juisi. Kwa mitishamba alikuwa na jibu fupi: hakuna anayejua ndani mna nini, na aliyeiuza hatakuwapo siku kreatinini inasomwa.

Binti mmoja aliyekaa na mama yake aliuliza kwa sauti ya chini kama ataweza kuzaa. Anaweza, alijibiwa, lakini mikofenoleti inaharibu mimba na inaweza kumlemaza mtoto, kwa hiyo hubadilishwa na dawa nyingine, mara nyingi azathioprini, angalau wiki sita kabla ya kutafuta ujauzito, na si kabla ya mwaka mmoja hivi tangu upasuaji. Muuguzi alisisitiza kuwa wapo wanawake wanaoacha dawa zote wenyewe mara wanapojiona wamepata mimba, wakidhani wanamlinda mtoto. Wanahatarisha figo na mtoto kwa pamoja. Binti huyo aliandika kitu kwenye simu yake.

Swali lililokosa jibu la kuridhisha lilitoka kwa baba mmoja ambaye bima yake ilikatika alipopoteza kazi. Ananunua dawa za wiki mbili mbili, na mwisho wa mwezi hupunguza kapsuli ili zifike. Mama huyo alimwambia aseme kliniki kabla hazijaisha, si baada, kwa kuwa daktari anaweza kumbadilishia mpango na ustawi wa jamii wa hospitali huweza kusaidia kwa muda. Alimwambia pia kwamba kupunguza mwenyewe ni sawa na kuruka. Vyote viwili ni kweli. Lakini baba yule alikaa chini na sura ile ile aliyosimama nayo, na si yeye peke yake ukumbini mwenye hesabu hiyo.

Wa mwisho alikuwa dereva wa lori wa njia ya Rusumo, aliyepandikizwa miezi minane iliyopita na anayetaka kurudi barabarani. Yeye alikuwa na tatizo ambalo wengi hawakuwa wamelifikiria. Rwanda na Burundi saa zao ziko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa moja. Ukivuka daraja la Rusumo simu inajibadilisha yenyewe. Kengele iliyotegwa 08:00 Mwanza itaita 08:00 ya Kigali, ambayo kwa mwili wake ni saa tatu. Mashariki ya Kongo na Sudan Kusini ni vivyo hivyo, na Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili. Je, ameze kwa saa ipi?

Muuguzi alimtoa hofu kwanza. Saa moja peke yake haiangushi figo, hasa ikiwa dozi zinazofuata zinarudi kwenye mstari. Kinachoangusha ni kwenda na kurudi kila wiki hadi mtu apoteze hesabu na asijue tena amemeza au bado. Mama huyo akaongezea anavyofanya yeye tangu aliporudi kwenye biashara: anavaa saa ya mkononi ya bei ndogo ambayo haiguswi, iko saa za Mwanza siku zote, na kwa safari isiyozidi wiki anameza kwa hiyo. Akikaa zaidi ya wiki anahamia saa za huko. Dawa zinakaa kwenye mkoba wa kifuani, si kwenye buti la basi, na anabeba za siku saba zaidi ya zile za safari. Nakala ya cheti, yenye jina la dawa, miligramu na namna ya kumeza, iko ndani ya pasipoti.

"Na ukifika duka la dawa kule wakakupa kapsuli za rangi nyingine?" aliuliza dereva.

"Usimeze kwanza, mpigie sista umtajie jina," alijibiwa. "Kiwanda kikibadilika, damu inapimwa upya. Kama huna simu, ndiyo maana ya zile za siku saba."

Dereva aliomba kalamu. Nyuma ya kadi yake ya kliniki aliandika mistari miwili: Mwanza saa mbili, Kigali saa moja. Kisha akamuuliza jirani yake saa za bei ndogo zinauzwa wapi mjini.